Hotuba ya mpambe: namna ya kumtania bwana harusi asiyejua kupika wala kuwahi, na ukumbi ukabaki wako

Mara ya kwanza kuwa mpambe nilisimama nikasema sentensi niliyoiona nzuri kuliko zote: kwamba kwa miaka yote niliyomfahamu bwana harusi sikuwahi kumwona akiwasha jiko, kwa sababu hakukosa mtu wa kumpikia. Vijana wa meza ya nyuma walicheka. Shangazi wa bibi harusi, aliyekaa meza ya pili kutoka mbele, aliweka uma chini akanitazama. Kisha akamgeukia jirani yake, akamwuliza kitu kwa sauti ya chini. Sikuhitaji kusikia. Alikuwa anauliza: nani huyo aliyekuwa anampikia?

Baada ya hapo nilikuwa na dakika tatu za maneno mkononi na hakuna hata moja lililofanya kazi. Nimekuwa mpambe mara mbili nyingine tangu siku ile, na haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya ile ya kwanza. Nazungumzia harusi za huku kwetu, Dar es Salaam na miji inayofanana nayo: ibada mchana, ukumbi jioni, mshereheshaji mwenye maneno mengi, wazazi wa pande mbili wanatazamana, na mpambe anayepewa maiki kwa muda mfupi. Na nazungumzia bwana harusi wa aina moja tu, yule ambaye kila mtu anajua anaunguza chakula na anachelewa. Ni bahati kumpata huyo, kwa sababu ni makosa ambayo mtu mzima anaweza kuchekwa nayo mbele ya mkwe wake bila kushuka heshima. Ulevi, madeni na wanawake si makosa ya kutaniwa ukumbini, hata kama ndiyo mnayochekea kijiweni.

Anza na mwisho

Watu wengi hukaa chini na kuandika vichekesho kwanza, wakitumaini kwamba mwishoni watapata neno zuri la kufungia. Matokeo yake ni hotuba yenye utani wa dakika nne na baraka za sentensi mbili zilizobandikwa mkiani, “lakini kwa kweli ni mtu mzuri sana.” Ukumbi unaisikia ile “lakini” na hauiamini.

Fanya kinyume. Kabla hujaandika kichekesho hata kimoja, tafuta tukio moja ambalo kosa lilelile utakalomtania liligeuka likawa wema. Kama ni mchelewaji, kumbuka siku aliyowahi, na kwa nini aliwahi siku hiyo. Kama anapika vibaya, kumbuka siku aliyompikia mtu hata hivyo. Ukilipata tukio hilo, hotuba imekwisha kuandikwa nusu, maana utani wote utakuwa unaandaa njia ya kufika pale. Usipolipata, mpigie simu dada yake au mwenzenu wa zamani, uliza. Nilipokuwa naandaa hotuba ya harusi ya tatu nilitumia jioni nzima kabla sijakumbuka usiku wa malaria ambao utausoma chini, na nilikuwa mimi mwenyewe niliyeugua.

Kusanya matukio, achana na sifa

“Anachelewa sana” haichekeshi mtu. “Alisema yuko Ubungo na mimi nikasikia jogoo” inachekesha. Tofauti ni kwamba ya pili ina mahali, ina saa, ina maneno yaliyotoka mdomoni mwake, na ina kitu ambacho msikilizaji anakiona mwenyewe kabla hujamwambia. Chukua daftari uandike matukio kumi bila kuchagua, kila moja kwa sentensi tatu: ilikuwa wapi, alisema nini, nini kikatokea. Kisha yapitie.

Utakayoyaacha ni yale yanayohitaji maelezo. Ikiwa inabidi ueleze kwanza mhadhiri fulani alikuwa nani, au neno fulani la kijiweni lina maana gani, wazee waliotoka Singida na Moshi kwa ajili ya harusi watabaki wanakodoa macho. Sufuria, mwiko, mkaa, foleni na simu vinajulikana na kila aliyeko ukumbini, ndiyo maana utani wa jikoni na wa kuchelewa unafaa kuliko mwingine.

Kwa hotuba ya dakika nne, matukio mawili ya jikoni na mawili ya kuchelewa yanatosha, pamoja na lile la mwisho. Mimi huhesabu maneno mia moja kwa dakika, kwa kuwa nusu ya muda huenda kwenye kicheko, vigelegele na kusubiri watu watulie. Ukurasa mmoja wa kuandika kwa mkono, maneno kama mia nne. Ukizidisha, mshereheshaji ataanza kukusogelea.

Kisha kitu kidogo cha ufundi: neno la kuchekesha likae mwisho wa sentensi. Linganisha “Tuliunywa wali ule kwa sababu ulikuwa na maji mengi” na “Wali ule hatukuula. Tuliunywa.” Habari ni ileile. Katika ya kwanza watu wanataka kucheka lakini wewe bado unaongea, kwa hiyo wanajizuia, na kicheko kilichozuiwa hakirudi.

Mitego mitatu ya jikoni

Utani wa mapishi unaonekana salama kuliko wote, na ndio ulionitoa jasho mimi. Una watu watatu waliojificha ndani yake.

Wa kwanza ni huyo aliyekuwa anampikia zamani. Ukisema mwanaume hajui kupika, akili ya msikilizaji inauliza mara moja alikuwa anakulaje. Mpe jibu kabla hajauliza: alikuwa anakula kwa mama lishe, alikuwa anakula vyakula alivyounguza mwenyewe, au ulikuwa unapika wewe. Jina la mwanamke mwingine, au hata kivuli chake, kisiingie.

Wa pili ni mama yake. “Hakufundishwa kupika” maana yake mama hakumfundisha, na mama huyo amekaa meza ya mbele na kitenge cha sare kilichoshonwa kwa ajili ya siku hii. Kosa liwe la bwana harusi peke yake. Njia nzuri ni kuonyesha kwamba alifundishwa akasahau, au kwamba kazi yote ilitokea kwenye chumba chenu cha kupanga, mbali na jiko la mama.

Wa tatu ni bibi harusi. Sentensi ya “sasa umepata mpishi” hutoka kwenye harusi nyingi, na ukitazama uso wa bibi harusi inapotoka utaacha kuisema. Umetoka kumfanya mtumishi siku yake. Zaidi ya hayo imechakaa. Ukitaka kumgusa bibi harusi kwenye utani wa mapishi, ugeuze ule utaratibu wetu wenyewe: yeye amefanyiwa kicheni pati, amepewa masufuria na mafunzo ya siku nzima, wakati mwenye shida alikuwa nyumbani. Hapo anayechekwa ni bwana harusi na mipango yetu sote, na akina mama waliomfunda watacheka kwa nguvu kuliko wengine kwa kuwa wanajua ni kweli.

Muulize bibi harusi swali moja wiki mbili kabla: “Shemeji, kuna habari ya mapishi yake usiyopenda isikike ukumbini?” Usimwambie utasema nini. Jibu lake linatosha. Na bwana harusi mwonyeshe orodha ya matukio, si maneno yenyewe. Akikunja uso kwenye tukio fulani, lifute bila kubishana.

Kuchelewa kuna tatizo jingine

Kuchelewa kwetu kunagusa heshima. Mtu anayechelewa kikao cha wazee amewadharau, na katika koo nyingi wajumbe wa posa wakichelewa hutozwa faini kabla hawajaruhusiwa kusema kilichowaleta. Kwa hiyo matukio ya kuchelewa kwa wakwe, kwenye msiba, au kwenye ibada usiyaguse, hata kama ndiyo yanayochekesha kuliko yote. Mchukue alipokuchelewesha wewe. Mdhulumiwa akiwa wewe, una haki ya kusimulia, na hakuna mzee anayelazimika kukasirika kwa niaba yako.

Angalia pia kuchelewa kusiwe na maelezo ya chumbani. Ukisema “alichelewa kazini mwezi mzima baada ya kuchumbia,” tayari umesema jambo jingine mbele ya baba mkwe.

Na kuna hatari ya siku yenyewe: bwana harusi akichelewa kweli. Bibi harusi akisubiri nje ya kanisa ndani ya gari lenye joto kwa dakika arobaini, utani wa kuchelewa umekufa, na ukiutoa jioni unachimba kidonda. Ndiyo sababu mpambe mwenye hotuba ya namna hii ana kazi mbili. Lala nyumbani kwake usiku wa kuamkia harusi, au fika alfajiri. Mwambie saa ya uongo. Ujue nguo iko wapi, pete ziko wapi, na dereva yuko wapi. Na uwe na hotuba ya pili mfukoni, yenye mapishi matupu, endapo mambo yataharibika.

Hotuba yenyewe

Hii ndiyo niliyoitoa kwenye harusi ya tatu, nikiwa nimeondoa majina tu. Isome kwanza mfululizo, kisha tutaifungua.

“Shikamooni wazazi wetu. Wenzangu, habari za jioni. Mimi ni mpambe, na nimekaa chumba kimoja na bwana harusi miaka mitatu kule Kimara. Naomba ruhusa ya wazee nimtanie dakika nne, kisha nitamrudisha kama nilivyomkuta.

“Chumba kile kilikuwa na jiko moja la mkaa na wapishi wawili: mimi, na wa kuniharibia. Wiki ya kwanza akasema, leo napika wali. Nikamwuliza, maji umeweka kiasi gani? Akasema, mpaka sufuria ilipojaa. Wali ule hatukuula. Tuliunywa.

“Wiki ya pili akahamia kwenye ugali. Akamimina unga wote kwa mpigo, mwiko ukasimama katikati ya sufuria, ukagoma kutoka. Na mwiko wenyewe tulikuwa tumeazima kwa mama mwenye nyumba. Ikabidi tumrudishie mwiko wake, na ugali wake. Ukoko nikampelekea jogoo wa mama mwenye nyumba. Jogoo akaudonoa mara moja, akanitazama, akaenda zake.

“Jumamosi moja tulikuwa na miadi Posta, saa nne asubuhi. Saa nne na nusu nampigia, uko wapi? Akasema, nipo njiani, nimeshafika Ubungo. Na nyuma ya sauti yake nikasikia jogoo. Wazee wangu, jogoo yule namjua. Hajawahi kupanda mwendokasi.

“Tangu siku hiyo rafiki yangu akisema ‘nipo njiani’, mimi najua ndiyo kwanza anatafuta soksi. Leo mmemwona kanisani, mkasema amebadilika. Kadi zenu ziliandikwa saa nane mchana. Ya kwake tuliichapisha peke yake, tukaandika saa sita. Amefika saa nane kasoro dakika ishirini.

“Na shemeji yangu hapa alifanyiwa kicheni pati. Akina mama wakampa masufuria, wakampa miiko, wakamfunda siku nzima. Mama zangu, asanteni, lakini mlimtibu mzima. Mgonjwa mlimwacha nyumbani.

“Mwaka juzi nilikuwa nimehamia Mbagala, naishi peke yangu. Usiku mmoja malaria ikanishika, nikashindwa hata kusimama. Saa tisa usiku nikampigia huyu. Akasema, nipo njiani. Nikajiambia, basi, tutaonana kesho kutwa. Baada ya dakika arobaini mlango ukagongwa. Alikuwa na bajaji nje, na miguuni amevaa ndala mbili zisizofanana: moja yake, moja ya mama mwenye nyumba. Akanipeleka hospitali, akakaa kwenye benchi mpaka kukapambazuka. Tuliporudi akawasha jiko, akanipikia uji. Ulikuwa na mabonge, na ulikuwa umeungua. Niliumaliza wote.

“Shemeji, chakula atakuunguzia, nisikufiche. Ukitaka mtoke saa kumi, mwambie saa nane. Lakini siku utakayomhitaji kweli, akikwambia ‘nipo njiani’, wewe nenda kafungue mlango.

“Wazazi wetu, ndugu zangu, naomba tusimame tunyanyue glasi kwa bwana na bibi harusi.”

Kwa nini imepangwa hivyo

Tazama jogoo. Anaingia kwenye utani wa ugali kama mtu wa kupita, akiukataa ukoko. Hakuna anayemtilia maanani. Anaporudi kwenye simu ya Ubungo ukumbi unamtambua wenyewe, na kicheko kinakuwa kikubwa kwa kuwa wameunganisha wao. Kosa ambalo nusura nilifanye ni kusema “jogoo huyo mkumbukeni.” Rafiki yangu mmoja aliyenisikiliza nikifanya mazoezi ndiye aliyenikataza. Ukimwambia mtu akumbuke, umemnyima furaha ya kukumbuka.

“Nipo njiani” ni kazi ileile lakini kubwa zaidi. Inasemwa mara nne. Ya kwanza ni uongo unaochekesha. Ya pili inaeleza maana yake kwa rafiki yake, yaani anatafuta soksi. Ya tatu, saa tisa usiku, ukumbi unaanza kucheka kwa mazoea, na “tutaonana kesho kutwa” inawapa ruhusa wacheke; halafu mlango unagongwa. Hapo nilisikia kicheko kikikatika katikati. Ya nne inakabidhiwa bibi harusi. Kila rafiki mchelewaji ana neno lake la namna hii: “nimeshatoka”, “dakika mbili”, “nimekwama kwenye foleni hapa.” Tafuta la kwako, na ulitumie kwa maneno yaleyale kila mara, bila kubadilisha hata silabi.

Uji nao. Ungetaka kusema kwamba ulikuwa mtamu kuliko uji wowote uliowahi kuunywa. Usiseme. Ulikuwa mbaya, na ukumbi umekwisha kuamini kwa dakika tatu kwamba anapika vibaya. Ukigeuka sasa unawadanganya. “Niliumaliza wote” inatosha kwa sababu haisifu upishi wake. Ndala nazo hazikuwa za kubuni. Ningeandika “alikuja haraka sana,” hakuna ambaye angemwona. Ndala mbili zisizofanana zinaonyesha mtu aliyetoka bila kuwasha taa.

Hakuna mahali niliposema “sasa tuache utani.” Sentensi ya Mbagala inaanza kwa sauti ya chini kidogo na mwendo wa polepole, basi. Kutangaza kwamba sasa unakuwa makini ni kama kumwambia mgeni kwamba chakula kinachokuja kimepikwa kwa upendo.

Ile ruhusa ya wazee mwanzoni nayo isikudanganye kuwa ni adabu tu. Inataja muda, inataja kwamba huu ni utani, na inawaambia wakwe kwamba kuna mtu anayejua wapo. Baba mkwe akitikisa kichwa kukubali, au akisema “endelea,” umepata kibali mbele ya watu wote. Ukiwa mtani wa kabila, kwa mfano wewe ni Mpare na bwana harusi ni Mchaga, una uhuru zaidi na mshereheshaji ataukuza, lakini uwe mtani kweli. Utani wa makabila ukitolewa na asiyehusika huwa tusi.

Zungumza na mshereheshaji kabla

Hiki ndicho wapambe wengi husahau. Kwenye kumbi zetu mtaniaji mkuu ni mshereheshaji, si wewe, na katika saa ya kwanza anaweza kuwa amekwisha kumaliza vichekesho vyote vya mwanaume na jiko. Mpigie simu siku tatu kabla. Mwombe mambo matatu: asiguse mapishi wala kuchelewa kwa bwana harusi, akupange baada ya utambulisho na kabla ya chakula, na amwambie dijei asiweke muziki chini ya sauti yako. Kabla ya chakula ni muhimu. Msululu wa chakula ukishaanza, watu wanahesabu meza iliyobaki kabla ya yao, na hakuna jogoo atakayewageuza. Baada ya zawadi ni usiku sana na nusu ya wazee wameondoka.

Wapo washereheshaji wanaopenda kurudia kichekesho chako kwenye maiki yao, “Jogoo! Hajapanda mwendokasi!” Ukiona hivyo, nyamaza mpaka amalize, tabasamu, endelea pale ulipoishia. Usishindane naye.

Kama familia haitumii pombe, au harusi ni ya Waislamu na mmealikwa kusema neno kwenye walima, acha kunyanyua glasi. Malizia kwenye mlango, kisha uwaombee dua fupi au umwachie shehe. Hotuba haipungui kitu.

Siku yenyewe

Andika kwenye kadi ngumu, si kwenye simu. Simu huzima mwanga ukiwa katikati ya sentensi, na mtu wa kamati atakutumia ujumbe kuhusu vinywaji wakati uleule. Herufi kubwa, matukio tu, si kila neno. Sentensi ya mwanzo na ile ya mlango pekee ndizo ziandikwe kamili. Fanya mazoezi mara tano kwa sauti ukiwa umesimama, mara moja mbele ya mtu wa upande wa bibi harusi. Ukiona anacheka kisha anatazama pembeni, tukio hilo lina mtego ambao hukuuona. Lifute.

Shika maiki karibu na kidevu, mtazame bwana harusi unapomtania na mtazame bibi harusi kwenye aya ya mwisho. Kichekesho kikianguka, usikieleze na usiseme “hamjacheka.” Pita. Nilipoanguka mimi mara ya kwanza, kilichonimaliza hakikuwa kichekesho bali zile sentensi nne nilizotumia kumweleza shangazi kwamba sikuwa na maana hiyo.

Mahali pa kuwa na subira ni baada ya “kafungue mlango.” Akina mama watapiga vigelegele, pengine bwana harusi atainama. Usiongeze neno. Hesabu kimoyomoyo mpaka vigelegele vishuke, ndipo uombe watu wasimame. Kisha mrudishie mshereheshaji maiki, mkumbatie rafiki yako, ukae.

Kadi yako usiitupe. Kwenye harusi zile mbili za baadaye kuna mtu alinifuata akaiomba kabla ukumbi haujafungwa, na mara zote mbili alikuwa mama wa bwana harusi.